Ufunguo Kwenye Mkanda wa Ofisa

Wengi waliopita kwenye darasa lake hawalikumbuki jina lake la kwenye rejista. Wanakumbuka swali. Ukijibu chochote, hata ukijibu sawasawa kabisa, alikuangalia kwa juu ya miwani yake na kukuuliza, "Umejuaje?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Basi wanafunzi wakambatiza Bi Umejuaje, jina likaenda mpaka ofisi ya walimu, likafika hata kwa mumewe, fundi seremala, ambaye alimtania kwalo kila mke alipochelewa kurudi nyumbani na kutoa sababu.

Mimi nilikutana naye kwenye kituo cha kusahihisha mitihani ya taifa ya kidato cha nne, somo la historia. Tulipangwa meza moja na chumba kimoja cha bweni. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimetoka chuo kikuu moja kwa moja nikaingia darasani, na nilijiona najua. Yeye alikuwa amekaribia hamsini. Alianza kufundisha shule ya msingi akiwa na miaka kumi na tisa, akaolewa, akazaa watoto watatu, na shahada yake aliisomea nyumbani kwa masomo ya posta huku kitinda mimba akiwa bado ananyonya. Alipohamishiwa sekondari alikuwa na miaka arobaini na moja. Walimu wenzake wapya walikuwa wa umri wa wanafunzi wake wa zamani, na mmoja alikuwa kweli mwanafunzi wake wa zamani.

Shule yake ilikuwa na vitabu kumi na moja vya historia kwa wanafunzi sabini. Picha za kwenye vitabu hivyo zilikuwa zimefifia mpaka huwezi kutofautisha mfalme na mti. Kwa hiyo alifundishia alichokiona njiani: makaratasi ya kufungia bidhaa, kalenda za miaka iliyopita, mabango ya zahanati. Alinisimulia mwenyewe, jioni moja tukifua, jinsi alivyoingia darasani na boksi la sabuni lenye picha ya mama anayefua huku anacheka.

"Nikawauliza, nani kalipia picha hii? Wakasema mwenye kiwanda. Anataka ufanye nini? Ninunue. Nikawauliza tena, na huyu mama anayecheka anatuambia nini kuhusu kufua?"

"Wakasemaje?"

"Wakasema kwamba kufua kunafurahisha. Darasa zima likavunjika mbavu, maana hakuna hata mmoja ambaye hafui nguo za ndugu zake. Nikasema, haya, sabuni imetudanganya kuhusu kufua. Je, imetuambia ukweli kuhusu nini? Mwisho msichana mmoja wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake, akasema: 'Kuhusu mwenye kiwanda, mwalimu. Anajua tunachoka.'"

Aliposema hivyo aliacha kufua. Mikono ilikuwa ndani ya beseni na macho yake yalikuwa kwa msichana yule wa nyuma, kama vile bado anamwona. "Mdogo wangu," akaniambia, "siku ile nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa cheo."

Kituo chetu kilikuwa shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa kwenye likizo. Tulisahihishia kwenye bwalo la chakula, meza ndefu kumi na mbili, kila meza wasahihishaji sita na kiongozi wao. Asiyejua kazi ile anadhani mwalimu mmoja anachukua karatasi ya mtahiniwa na kuisahihisha yote. Sivyo. Kila meza ina swali lake. Karatasi inapita kutoka meza hadi meza, na mwisho kuna watu ambao kazi yao ni kujumlisha alama tu na kuhakiki hesabu. Huoni jina la mtahiniwa wala la shule, unaona namba. Na bahasha za eneo lako hazikufikii. Hayo yote ni ili usije ukampendelea wa kwako.

Meza yetu, ya nne, ilipewa swali la vyanzo. Kulikuwa na vyanzo viwili. Chanzo A kilikuwa bango lililotolewa na idara ya habari ya serikali ya kikoloni wakati wa vita, mwaka 1943. Juu limeandikwa kwa herufi kubwa: LIMA ZAIDI, TUSHINDE PAMOJA. Katikati amesimama mkulima anayetabasamu, shati limenyooshwa, viatu miguuni, jembe begani. Nyuma yake kuna ghala lililojaa magunia mpaka darini. Kando ya ghala amesimama ofisa mwenye kofia, mkono mmoja umeinuliwa kama anampongeza. Mbali kidogo kuna treni yenye mabehewa yaliyosheheni. Chanzo B kilikuwa kipande cha taarifa ya karani mmoja wa tarafa, mwaka huohuo, akieleza kwamba wakulima wanauza mbuzi ili wanunue nafaka.

Swali lilikuwa na vipengele vitatu. Cha kwanza, ujumbe wa bango. Cha pili, dhumuni lake. Cha tatu, chenye alama nane, kiliuliza: "Je, Chanzo A kinaaminika kwa kiasi gani kwa mwanahistoria anayechunguza wakulima na serikali wakati wa vita? Toa ushahidi kutoka kwenye picha, Chanzo B na maarifa yako."

Mwongozo wa usahihishaji, yaani karatasi inayotuambia alama zinatolewaje, ulisema kwa kipengele cha tatu: hakiaminiki, kwa sababu kimetolewa na serikali iliyokuwa na maslahi yake. Mbili kwa kusema hakiaminiki, mbili kwa kutaja mtoaji, mbili kwa ushahidi wa picha, mbili kwa kutumia Chanzo B. Anayesema kinaaminika apewe sifuri.

Tuliufuata. Kazi ilikwenda kasi. Siku tatu za kwanza meza yetu ilikuwa inaongoza bwalo zima, na kiongozi wetu wa meza, mwalimu mnene mcheshi tuliyemwita Kaka Mkubwa, alikuwa akipita mgongoni mwetu anasugua viganja kama mtu anayenusa pilau. Bi Umejuaje ndiye aliyekuwa nyuma. Kila mtahiniwa aliyetaja kitu kwenye picha, yeye alikwenda kukitafuta kwenye picha. Baba yake alikuwa fundi saa, na yeye alikuwa amerithi kwake kile kioo kidogo cheusi cha kubana jichoni ili kukuza vitu vidogo. Alikibana, akainamia karatasi ya maswali, na mimi nikaona haya kwa niaba yake.

"Dada," nikamnong'oneza, "si unampa tu alama?"

"Amesema kuna mwanamke analia nyuma ya ghala. Hayupo."

"Labda kabuni."

"Kabuni. Basi hapati." Akaandika sifuri ndogo pembeni, akaendelea.

Asubuhi ya siku ya nne, kabla ya chai, aliacha kuandika. Nilidhani anaumwa. Alikuwa ameshika karatasi moja kwa mikono miwili, akaisoma, akairudia. Kisha akaisukuma kwangu.

Mwandiko ulikuwa mbaya, wa mtoto anayekimbizana na muda. Lakini niliyoyasoma niliyanakili jioni ile kwenye daftari langu, na ninayo mpaka leo. Mtahiniwa yule aliandika hivi: "Bango hili haliaminiki kutuonyesha maisha ya mkulima, kwa sababu jembe lake halina udongo na shati lina mstari wa pasi. Chanzo B kinasema wakulima walinunua nafaka, lakini hapa ghala limejaa. Ila ukitazama, mlango wa ghala una kufuli na ufunguo uko kwenye mkanda wa ofisa. Treni nayo imeelekea mbali na kijiji. Kwa hiyo mchoraji hakukusudia lakini ametuonyesha nani alikuwa na mamlaka juu ya chakula. Pia bango linaaminika kutuonyesha serikali ilikuwa na wasiwasi gani. Usingemwambia mtu alime zaidi kama angekuwa ameshalima unavyotaka."

"Umeuona huo ufunguo?" Bi Umejuaje akaniuliza.

Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeshasahihisha karatasi mia tano na ushei za picha ileile. Akanipa kioo chake. Nikakibana jichoni kwa shida, nikainama, na kweli: kwenye mkanda wa ofisa, chini ya mkono ulioshuka, kulikuwa na kidude kirefu chenye meno mawili. Kidogo kama chawa. Lakini kilikuwepo.

"Kwa mwongozo anapata ngapi?" akaniuliza.

Nikapiga hesabu. Hakusema wazi kwamba hakiaminiki, amesema hakiaminiki kwa hili, kinaaminika kwa lile. Hakutaja mtoaji kwa maneno ya mwongozo. Ushahidi wa picha, mbili. Chanzo B, mbili. "Nne," nikasema. "Na ukiwa mkali kwa kuwa amesema kinaaminika, sifuri."

"Na huyu hapa?" Akanionyesha nyingine, iliyoandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: hakiaminiki kwa sababu kimetolewa na serikali, pia mkulima anatabasamu, na Chanzo B kimesema tofauti.

"Nane."

"Nane," akarudia. "Na hajaangalia."

Ile karatasi ya ufunguo akampelekea Kaka Mkubwa. Kaka Mkubwa aliisoma amesimama, akakubali kwamba ni jibu zuri, akacheka, kisha akamrudishia. "Mwalimu, mimi na wewe si watunzi. Tumepewa mwongozo, tunafuata mwongozo. Kila mtu akianza kutoa alama kwa anavyopenda, tutakuwa na mitihani sabini na mbili badala ya mmoja."

"Hilo ni kweli," alisema. "Ndiyo maana sijampa. Nataka mwongozo ubadilike."

Kaka Mkubwa akakoma kucheka. Tulikuwa tumeshamaliza theluthi nzima ya karatasi. Kubadilisha mwongozo maana yake ni kuzirudia zote.

Watu walikuwa wamemzoea Bi Umejuaje kama mtu asiyesema kitu. Ule ulikuwa mwaka wake wa tatu pale na hakuwahi kunyoosha mkono kwenye kikao chochote. Tena kila mtu alijua kwamba wasahihishaji wasumbufu hawaitwi tena mwaka unaofuata. Hakuna anayekuambia kitu, barua tu haiji. Nilimwambia hayo chumbani wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa amekaa kitandani, karatasi ya maswali mapajani.

"Najua," akasema. "Lakini fikiria aliyemfundisha yule mtoto. Mahali fulani kuna mwalimu kahangaika mwaka mzima kumfundisha kuangalia. Halafu sisi tunamwambia asiangalie, akariri. Mwakani mwalimu yule atafundisha nini?"

Mchana ule alifanya jambo ambalo ndilo lililomwokoa. Hakwenda kwenye kikao na karatasi moja. Aliomba ruhusa kwa Kaka Mkubwa apitie tena bahasha zilizokwisha kwenye meza yetu, akakosa chai ya saa kumi, na kufikia jioni alikuwa amepata karatasi sita za namna ile kutoka vituo vinne tofauti vya kufanyia mtihani. Alizibandika vipande vya karatasi nyeupe. Alipata pia tatu zilizokwenda mbali mno, moja ikidai kwamba mawingu kwenye bango yanamaanisha njaa, nazo akaziweka kando.

Kikao cha asubuhi kiliongozwa na mkuu wa wasahihishaji. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya chini, mhadhiri mstaafu. Ndiye aliyeandika mwongozo, na bango lenyewe lilitoka kwenye mkusanyo wake binafsi. Kwa heshima tulimwita Profesa ingawa mwenyewe alikuwa akisema hakufika huko. Alimaliza matangazo, akauliza kama kuna lingine. Huwa hakuna lingine.

Bi Umejuaje akasimama. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa meza.

"Shikamoo, mkuu. Nina swali kuhusu kipengele cha tatu."

"Marahaba. Endelea."

Akasoma jibu la yule mtahiniwa, neno kwa neno, bila kulipamba. Kwenye meza ya tisa mtu mmoja akaguna. Alipomaliza, mkuu akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, unataka tumpe alama anayesema bango la propaganda linaaminika?"

"Hapana, mkuu. Anayesema linaaminika akaishia hapo, sifuri yake ni halali. Lakini hata anayesema haliaminiki akaishia hapo, mimi naona hajajibu. Swali limeuliza kwa kiasi gani. Limetaja wakulima na serikali. Bango linaweza kutudanganya kuhusu wakulima na papo hapo likatuambia ukweli kuhusu serikali, hata kama serikali haikutaka."

"Ni chanzo kinachoegemea upande," mtu wa meza ya tisa akasema kwa sauti. Alikuwa mwalimu wa shule kubwa ya mjini, mwenye sifa. "Kinachoegemea upande hakifai. Tunawafundisha hivyo."

"Ndugu yangu, kila chanzo kimeegemea mahali. Hata yule karani wa Chanzo B alikuwa anamwandikia bosi wake. Je, tumtupe naye? Nikitaka kujua serikali ilitaka watu waamini nini, nitapata wapi chanzo bora kuliko bango la serikali yenyewe?"

Mtu wa meza ya tisa akaleta lingine. "Na tutajuaje kama mtahiniwa huyo si mwanafunzi wako?"

Bwalo zima likageuka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka nimtetee. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. Alitabasamu, tena kwa furaha kabisa.

"Hilo ni swali zuri sana," akasema. "Mtoaji ni nani na ana maslahi gani. Ndilo tunalowafundisha watoto. Bahasha hizi hazitoki eneo langu, namba za vituo zipo na ofisi inaweza kuhakiki. Na hazitoki kituo kimoja. Ni karatasi sita, vituo vinne." Akaziinua. "Naomba mkuu azihakiki. Msinisadiki kwa maneno."

Kicheko kikapita kwenye meza. Hata yule wa meza ya tisa alilazimika kutabasamu upande.

Mkuu wa wasahihishaji alinyoosha mkono, akapelekewa zile karatasi. Alizisoma zote sita. Kisha akauliza, "Huu ufunguo. Uko wapi? Nimekuwa na bango hili miaka kumi na saba. Sijawahi kuona ufunguo."

"Kwenye mkanda, mkuu, chini ya mkono wa kushoto."

"Kwenye karatasi ya mtihani hauonekani vizuri. Inaweza kuwa doa la wino wa mtambo."

"Inaweza," Bi Umejuaje akakubali. "Nilijiuliza hivyohivyo. Mtambo ukiweka doa, linatokea mahali tofauti kwenye kila kundi la nakala, au halitokei kabisa. Nimeangalia nakala tisa, uko palepale kwenye zote. Lakini hizo zimetoka kwenye picha moja. Bango halisi litatuambia."

Mkuu akamwambia karani aende ofisini alete faili la buluu. Tulisubiri. Karani aliporudi, mkuu alitoa bango kwenye karatasi laini, la rangi, kubwa kiasi cha mlango wa kabati, limekunjika kwenye kona. Akalitandaza mezani, akavua miwani yake, akaivaa tena. Bi Umejuaje akapita katikati ya meza, akampa kile kioo cha fundi saa.

Mzee yule akakibana jichoni mbele ya walimu themanini na kitu, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mtu akakohoa.

"Ni wa njano," hatimaye akasema. "Ufunguo ni wa njano. Mchoraji ameupaka rangi." Akanyooka. Nilidhani atakasirika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Mwalimu, nimelitumia bango hili kufundishia wanachuo. Nimeliandikia makala. Na mtoto wa kidato cha nne, kwenye nakala ya rangi moja, chini ya muda, ameona nilichopitwa nacho miaka kumi na saba."

Akavuta kiti, akamwambia Bi Umejuaje akae kando yake. "Tuandike upya."

Waliandika pale pale, mbele yetu, na viongozi wa meza wakichangia. Badala ya mbili mbili, vikawekwa viwango vitatu. Cha chini, alama moja hadi mbili, kwa anayesema tu kwamba chanzo kimeegemea upande, au anayeeleza anachokiona bila kuhukumu. Cha kati, tatu hadi tano, kwa anayehukumu kwa ushahidi wa picha au wa mtoaji, lakini kwa upande mmoja. Cha juu, sita hadi nane, kwa anayeonyesha bango linafaa kujua nini na halifai kujua nini, kwa ushahidi unaoonekana kwenye picha, na akaulinganisha na Chanzo B au maarifa yake. Bi Umejuaje alisisitiza sentensi moja iongezwe: ushahidi usioonekana kwenye picha usipewe alama, hata ukipendeza. Mtu wa meza yetu akamuuliza kuhusu yale mawingu. "Mawingu ni mawingu," akajibu, na watu wakacheka tena.

Karatasi zote zilizokuwa zimesahihishwa kipengele hicho zikarudishwa. Sitadanganya kwamba watu walifurahi. Meza yetu ilitoka kuwa ya kwanza ikawa ya mwisho. Mwalimu mmoja hakumsemesha siku mbili nzima, na Kaka Mkubwa aliacha kusugua viganja. Bi Umejuaje hakujitetea. Alianza kazi kabla yetu asubuhi, na alipomaliza rundo lake alivuta la aliyekuwa nyuma bila kuuliza. Siku ya pili Kaka Mkubwa alisahihisha karatasi moja akapiga meza kwa kiganja. "Sikilizeni hii!" Akatusomea. Mtahiniwa alikuwa ameandika kwamba mkulima kwenye bango anamtazama msomaji, lakini ofisa anamtazama mkulima. Tukachukua karatasi ya maswali, tukaangalia. Ilikuwa kweli.

Kuanzia hapo kazi ikawa nyingine. Mpaka hapo tulikuwa tunatafuta maneno ya mwongozo ndani ya majibu, sasa tulikuwa tunawasoma watoto. Wapo waliopanda kutoka sifuri hadi saba. Wapo pia wenye mwandiko wa kupendeza walioshuka kutoka nane hadi nne, na hilo liliniuma kidogo, maana wengi walijibu kama mimi nilivyowafundisha wa kwangu.

Tulimaliza siku moja na nusu baada ya meza nyingine. Siku ya kuondoka, mkuu wa wasahihishaji alikuja mpaka kwenye meza yetu kumuaga. Alimuuliza amesomea wapi kuangalia picha namna ile. Bi Umejuaje akamwambia ukweli: kwenye maboksi ya sabuni. Mzee akadhani ni mzaha. Nikaingilia nikamweleza habari za shule yake, wanafunzi sabini na vitabu kumi na moja, na nilipokuwa nasema niliona shingo yangu imenyooka kama vile ni habari zangu mimi.

Barua ilikuja mwaka uliofuata. Safari ile hakuitwa kusahihisha. Aliitwa kwenye jopo la kutunga. Mumewe aliisoma kwa sauti mbele ya majirani, akamtengenezea meza ya kuandikia ya mbao ngumu yenye droo mbili, na kila aliyeingia ndani alionyeshwa meza kwanza, kisha mwenye meza. Watoto wake walinakili barua ile kwa simu wakawatumia ndugu wote mpaka shangazi wa mbali ambaye alipiga kuuliza kama mpwa wake amekuwa waziri.

Nilikwenda kumtembelea likizo moja, nikaomba nikae nyuma ya darasa lake. Alikuwa amebandika ubaoni tangazo la uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, lililochorwa na mgombea mmoja wao, na mgombea mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele, kajikunyata kwa aibu. Darasa lilikuwa linamchambua: kajichora mrefu kuliko alivyo, kajizungushia wasichana wengi kuliko wavulana, kaahidi maji ila hakuchora bomba.

"Haya, yote hayo ni ya kujisifu," Bi Umejuaje akasema. "Linaaminika kwa lipi?"

Mikono ishirini ikapanda. Yule mgombea mwenyewe akanyoosha wa kwake, juu kuliko yote.

"Linaonyesha nani nategemea wanipigie kura, mwalimu," akasema. "Wasichana. Na kwamba najua tatizo letu ni maji."

"Umejuaje?" sauti kama sitini zikamuuliza kwa pamoja, na mwalimu wao, akiwa ameegemea dirisha na chaki mkononi, hakuhitaji kusema neno.